Daftari la kubeti ndani ya Excel: dau, odi, odi ya mwisho, tija na mporomoko

Msimu mmoja nilikuwa naandika mikeka yangu kwenye noti za simu: mechi, dau, odi, na alama ya tiki ikitiki. Mwisho wa msimu nilijumlisha nikajiona nina faida. Kisha nikaingia kwenye taarifa ya miamala ya simu, nikajumlisha pesa zilizoingia kwenye akaunti ya kubeti na zilizotoka, na faida ikageuka kuwa hasara. Mikeka iliyochanika usiku, ile niliyoweka nikiwa na hasira baada ya kufungwa, sikuwa nimeiandika. Kodi iliyokatwa kwenye ushindi sikuwa nimeihesabu. Ndipo nilipohamia Excel, na daftari ninaloeleza hapa ndilo ninalotumia hadi leo.

Daftari hili linajibu maswali matatu. Kwanza, nimepata au nimepoteza kiasi gani kwa kila shilingi niliyoweka? Hiyo nitaiita tija. Pili, bei niliyochukua ilikuwa nzuri au mbaya ukilinganisha na bei ya soko mechi ilipokuwa inaanza? Hiyo inatoka kwenye odi ya mwisho. Tatu, tangu mtaji wangu ulipofika kilele chake, umeshuka kiasi gani? Huo ni mporomoko. La pili ndilo ambalo wengi hawaliandiki kabisa, na ndilo nitakalokaa nalo muda mrefu zaidi, kwa sababu linakwambia ukweli miezi mingi kabla ya faida na hasara kukwambia.

Kutengeneza shiti mbili

Fungua faili jipya. Shiti ya kwanza iite `Mikeka`, ya pili iite `Muhtasari`. Tengeneza zote mbili kabla ya kuandika fomula yoyote. Ukiandika fomula inayotaja shiti ambayo haipo, Excel itakufungulia dirisha la kutafuta faili, na mtu asiyejua hudhani kompyuta imeharibika.

Kwenye `Muhtasari`, seli B1, andika kiwango cha kodi kinachokatwa kwenye ushindi wako kwa desimali. Kama unakatwa asilimia 10, andika 0.1. Usinakili kiwango cha rafiki yako wala cha mwaka juzi. Tanzania na Kenya zote zimebadilisha viwango hivi zaidi ya mara moja ndani ya miaka michache, kwa hiyo angalia kinachoonekana kwenye mkeka wako uliotiki hivi karibuni. Kama kwako hakuna kinachokatwa kwenye ushindi wa mkeka mmoja mmoja, andika 0.

Rudi kwenye `Mikeka` na ujaze mstari wa kwanza vichwa hivi, kuanzia A hadi R:

```
A Tarehe      G Odi ya mwisho   M Faida
B Mechi       H Upande wa pili  N Mtaji
C Soko        I Upande wa tatu  O Kilele
D Chaguo      J Odi safi        P Mporomoko
E Dau         K Ubora wa bei    Q Mikeka chini ya kilele
F Odi         L Kilichorudi     R Maelezo
```

Mstari wa pili hauna mkeka. Ni wa kuanzia tu. Kwenye N2 andika mtaji wako wa kuanzia, kwa mfano 500000, kwenye O2 andika kiasi hicho hicho, na kwenye Q2 andika 0. Mtaji hapa maana yake ni pesa uliyoitenga kwa kazi hii na ambayo ikiisha yote, kodi ya nyumba na ada ya shule haziguswi. Si salio lililopo kwenye akaunti ya kubeti leo.

Mikeka inaanza mstari wa tatu. Safu unazojaza kwa mkono ni A hadi I, kisha L na R. Nyingine zote ni fomula. Mimi huzipaka kijivu zile za fomula ili mkono usiziguse.

Kilichorudi badala ya kushinda au kushindwa

Madaftari mengi huwa na safu ya matokeo, ambako mtu huandika ameshinda au amepoteza, kisha fomula inazidisha dau kwa odi. Mimi nimeiacha njia hiyo. Maisha ya mkeka ni zaidi ya kutiki na kuchanika. Kuna mechi iliyoahirishwa, kuna handikapu inayorudisha nusu ya dau, kuna uliouza mkeka kabla ya mechi kuisha, na kuna kodi. Badala yake, kwenye L andika pesa kamili iliyoingia kwenye salio lako, dau likiwa ndani yake. Mkeka ukichanika, andika 0. Usiache wazi, kwa sababu seli tupu kwenye daftari hili maana yake ni mkeka ambao bado haujaisha.

Mechi ikifutwa na dau likarudishwa, badilisha dau liwe 0, kilichorudi kiwe 0, na kwenye R andika "imefutwa". Ukiliacha dau pale, jumla ya dau itavimba kwa pesa ambayo haikuwahi kuwa hatarini, na tija itapungua bila sababu.

Na kama kwenu makato yanakuja wakati wa kuweka au kutoa pesa, wala si kwenye mkeka, yape mstari wake: dau 0, kilichorudi -500, maelezo "makato ya kutoa". Mtaji utashuka kwa 500 kama ulivyoshuka kweli.

Fomula za pesa kwenye mstari wa tatu ni hizi, kwa mpangilio M3, N3, O3, P3 na Q3:

```
=IF(L3="","",L3-E3)
=N2+IF(L3="",0,M3)
=MAX(O2,N3)
=N3/O3-1
=IF(L3="",Q2,IF(N3=O3,0,Q2+1))
```

Ukishaandika, ziburute hadi mstari wa 1000. Mistari isiyo na mkeka itarudia tu mtaji wa mwisho, haitaharibu kitu. Watu watakushauri ubonyeze Ctrl+T uligeuze kuwa jedwali rasmi la Excel ili fomula zijijaze zenyewe. Kwa daftari hili nakushauri usifanye hivyo. Jedwali likiongezewa mstari lina tabia ya kuvuruga fomula zinazotegemea mstari wa juu yake au jumla inayokua, na kosa lake halitoi onyo lolote. Mtaji unakuwa si sahihi na wewe hujui.

Neno kwa wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda ambao kompyuta zao zimewekwa kwa Kifaransa: hapo desimali ni mkato na fomula hutenganishwa kwa nukta mkato. Ukiandika 2.10 kwenye kompyuta ya namna hiyo, Excel inaweza kuigeuza tarehe 2 ya mwezi wa 10. Andika 2,10, na kwenye fomula weka `;` mahali pa `,`. Majina ya fomula nayo yatakuwa ya Kifaransa, `SI` badala ya `IF`.

Odi ya mwisho, na kwa nini haitoshi kuiandika peke yake

Odi huanza kutangazwa siku kadhaa kabla ya mechi, kisha hutembea. Mchezaji anaumia, kikosi kinatangazwa, pesa nyingi zinaingia upande mmoja. Kipyenga kinapokaribia, bei imeshabeba taarifa karibu zote na pesa za watu wanaojua sana. Ndiyo maana odi ya mwisho kabla ya mpira kuanza huchukuliwa kuwa kadirio bora kuliko yote la nafasi halisi ya timu, hasa kwenye ligi kubwa. Ukiwa na tabia ya kuchukua 2.10 kwa kitu ambacho kinafungwa kwa 1.95, unanunua kwa bei nafuu. Ukiwa na tabia ya kuchukua 1.95 kwa kitu kinachofungwa kwa 2.10, unanunua ghali, hata kama wiki hii mikeka yote imetiki.

Lakini hapa kuna mtego. Ndani ya odi za kampuni kuna mkato wake. Tuchukue mfano wa soko la zaidi ya mabao 2.5. Umechukua "zaidi" kwa 2.10 siku ya Alhamisi. Jumamosi, mechi inaanza, "zaidi" imefungwa kwa 1.95 na "chini" kwa 1.87. Gawanya 1 kwa kila odi: 1 kwa 1.95 ni 0.513, 1 kwa 1.87 ni 0.535. Jumla ni 1.048. Nafasi zote za mechi zingepaswa kujumlika kuwa 1 kamili. Hiyo 0.048 iliyozidi ndiyo mkato wa kampuni.

Ukilinganisha 2.10 na 1.95 moja kwa moja, unajiona umeipiga bei kwa asilimia 7.7. Si kweli, kwa kuwa 1.95 imekatwa. Bei isiyo na mkato, ninayoiita odi safi, unaipata kwa kuzidisha 1.95 kwa ile jumla ya 1.048, na jibu ni 2.04. Sasa 2.10 dhidi ya 2.04 ni ubora wa asilimia 2.8 tu. Bado ni mzuri, ila si ule uliokuwa unakupa usingizi mnono.

Halafu inakuja kodi. Kama unakatwa asilimia 10 ya ushindi, odi yako ya 2.10 kwa kweli inalipa 1.99, maana katika kila shilingi 1.10 ya faida unapata 0.99. Na 1.99 dhidi ya 2.04 ni hasara ya asilimia 2.6. Soma tena hapo: mtu ameipiga bei ya soko, amefanya kila kitu sawasawa, na bado kodi imemtoa kwenye faida na kumweka kwenye hasara. Ili asipoteze kwenye mkeka huo alihitaji odi ya 2.16 na kuendelea. Hesabu hii ilinifanya niache masoko mengi niliyokuwa nayapenda, na sijui njia nyingine ambayo ingeniambia hivyo bila kupoteza pesa kwanza.

Fomula za J3 na K3 zinafanya hesabu hiyo yote:

```
=IF(OR(G3="",H3=""),"",G3*(1/G3+1/H3+IF(I3="",0,1/I3)))
=IF(J3="","",(1+(F3-1)*(1-Muhtasari!$B$1))/J3-1)
```

Kwenye G andika odi ya mwisho ya chaguo lako. Kwenye H andika ya upande mwingine. Soko likiwa na pande tatu, yaani nyumbani, sare na ugenini, ya tatu inaingia I. Soko la pande mbili I inabaki tupu. K uipe mwonekano wa asilimia wenye desimali moja.

Unaitoa wapi odi ya mwisho

Kwa ligi za Ulaya, njia rahisi ni tovuti ya football-data.co.uk, ambayo hutoa bure faili za CSV za ligi kadhaa. Ligi Kuu ya Uingereza ni faili la `E0.csv`. Ukilifungua kwenye Excel utaona safu nyingi zenye majina mafupi. Unazozitaka ni zenye herufi C baada ya jina la chanzo, maana hizo ndizo za kufungia: `AvgCH`, `AvgCD` na `AvgCA` ni wastani wa soko kwa nyumbani, sare na ugenini, na `AvgC>2.5` pamoja na `AvgC<2.5` ni za mabao. Safu zinazofanana nazo bila C, mfano `AvgH`, ni bei zilizokusanywa mapema. Ukizichanganya, daftari lako litakuwa linalinganisha bei ya Alhamisi na bei ya Ijumaa, na ubora wako wote utaonekana karibu na sifuri.

Mimi hukaa Jumatatu jioni na kikombe cha chai, nikapakua faili, nikajaza G, H na I za wiki nzima. Dakika 20 zinatosha. Jambo la kulinda ni kwamba unajaza kwa mikeka yote, iliyotiki na iliyochanika. Mkono unapenda kuzitafuta bei za ile iliyotiki tu.

Kwa Ligi Kuu ya Tanzania bara, ya Kenya na nyingine ambazo hazimo kwenye mafaili hayo, huna budi kuzipiga picha mwenyewe. Weka kengele ya simu dakika 5 kabla ya mechi kuanza, fungua ukurasa wa soko lako, piga skrini, kisha andika baadaye. Tumia kampuni moja ile ile kila mara. Usiende na ile iliyokupa bei mbaya leo na nyingine kesho, kwani utakuwa unachagua kipimo kinachokupendelea.

Ujue pia kipimo hiki kinapopungua nguvu. Kwenye mechi ya daraja la chini ambako pesa chache zinaingia, odi inaweza isitembee kabisa tangu inatangazwa hadi kipyenga, au ikatembea kwa sababu kampuni moja imenakili nyingine. Hapo odi ya mwisho si sauti ya soko. Ni bei tu iliyoachwa pale. Kwenye R mimi huandika "soko jembamba", na mikeka hiyo siitumii kujihukumu kwa kipimo hiki.

Mechi nyingi kwenye mkeka mmoja

Wengi wetu hatuweki mechi moja moja. Tunaweka mkeka wa mechi 5, 8, hata 15. Daftari linaupokea mkeka huo kwa mstari mmoja: odi ya jumla kwenye F, dau kwenye E. Ila J huwezi kuiachia fomula. Pembeni, au kwenye shiti ya tatu, tafuta odi safi ya kila mechi, zizidishe zote, na jibu uliandike kwa mkono kwenye J.

Ukifanya hivyo mara chache utaona mkato unavyojizidisha. Tuseme kila mechi ina mkato ambao jumla yake ni 1.05. Kwa mechi 5, 1.05 ikizidishwa na yenyewe mara 5 ni karibu 1.28. Maana yake, kama hujaipiga bei popote, kwa wastani unarudishiwa shilingi 78 kwa kila 100 uliyoweka, kabla ya kodi. Kwa mechi moja ungerudishiwa 95. Bonasi za mikeka mirefu hurudisha sehemu ya tofauti hiyo, na kiasi gani hasa utakiona kwenye daftari lako ukiiandika kwenye odi ya jumla.

Mkeka wa mfano, mstari kwa mstari

Mtaji 500,000, dau 10,000 kila mara, kodi asilimia 10. Nashauri dau lisibadilike angalau kwa mikeka 200 ya kwanza. Ukiongeza dau ukishinda na kupunguza ukishindwa, namba zinachanganyika na huwezi kujua kama ni bei zako au ni ukubwa wa dau ndio unaozungumza.

Mkeka wa kwanza ni ule wa 2.10, nao umetiki. Kinarudi dau 10,000 pamoja na faida ya 11,000 iliyokatwa kodi, yaani 9,900. L ni 19,900, faida ni 9,900, mtaji unakuwa 509,900, na hicho ndicho kilele kipya. Mkeka wa pili unachanika: L ni 0, mtaji 499,900, na P inaonyesha -1.96%. Wa tatu unachanika pia: mtaji 489,900, mporomoko -3.92%. Wa nne wa odi 1.80 unatiki: faida 8,000 ikikatwa inabaki 7,200, mtaji 497,100, mporomoko unapungua hadi -2.51%. Q inasoma 3, maana ni mikeka mitatu tangu kilele.

Angalia kilele bado ni 509,900. Hakishuki kamwe. Ukiona kwenye daftari lako O imeshuka, basi fomula imevunjika mahali, na mara nyingi ni kwa sababu umepanga upya mistari kwa tarehe. Fomula za mtaji zinafuata mpangilio wa mistari, kwa hiyo usitumie kupanga upya. Chuja tu. Na mkeka wa mechi za muda mrefu, kama ubingwa, ambao utaisha mwezi wa 5, uuandike upya chini siku unapolipwa na ufute safu za mkono za mstari wa zamani, vinginevyo mporomoko utahesabiwa kwenye siku zisizo zake.

Shiti ya muhtasari

Hapa kuna namba tano tu ninazozitazama: jumla ya dau, tija, ubora wa wastani wa bei, kosa la kipimo hicho, na mporomoko mkubwa kuliko wote. Ziandike B3 hadi B7:

```
=SUMIF(Mikeka!L3:L1000,"<>",Mikeka!E3:E1000)
=SUM(Mikeka!M3:M1000)/B3
=AVERAGE(Mikeka!K3:K1000)
=STDEV.S(Mikeka!K3:K1000)/SQRT(COUNT(Mikeka!K3:K1000))
=MIN(Mikeka!P3:P1000)
```

Ile ya kwanza inajumlisha dau la mikeka iliyokwisha tu. Kwenye mfano wetu wa mikeka minne, jumla ya dau ni 40,000, faida ni -2,900, na tija ni -7.25%. Usichanganye tija na asilimia ya ukuaji wa mtaji. Mtaji umeshuka kwa asilimia 0.58 tu, kwa kuwa ulikuwa 500,000. Mtu akikwambia amepata asilimia 30, muulize: ya dau zote au ya mtaji? Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sasa tuje kwenye suala la muda. Kwa mikeka ya odi zinazokaribia 2.00, kila mkeka mmoja unayumba kwa takriban dau zima juu au chini. Tija ya mikeka 100 kwa hiyo ina kosa la kama asilimia 10 kila upande kwa bahati peke yake. Kwa mikeka 400 kosa linabaki asilimia 5, na hata kwa 1,600 bado ni asilimia 2.5. Kwa odi za 5.00 ni maradufu ya hapo. Mtu mwenye tija ya asilimia 8 baada ya mikeka 100 hajathibitisha chochote, na mwenye hasara ya asilimia 8 naye vilevile.

Ubora wa bei hauyumbi hivyo, kwa sababu hautegemei penalti ya dakika ya 93. Kama ubora wa mkeka mmoja mmoja unatawanyika kwa asilimia 5, baada ya mikeka 100 kosa la wastani ni nusu ya asilimia. Hiyo ndiyo namba iliyo kwenye B6. Chukua wastani wa B5, ongeza na toa mara mbili ya B6. Kama eneo lote hilo liko chini ya sifuri, unalipia burudani, na hakuna mfululizo wa ushindi utakaokuokoa kadiri mikeka inavyoongezeka. Kama lote liko juu ya sifuri na masoko yako si membamba, unanunua vizuri, hata kama tija bado ni hasi. Kama sifuri iko katikati, bado hujui. Madaftari mengi, langu la msimu wa kwanza likiwamo, yanaangukia kundi la kwanza, hasa kodi ikishaingia.

Kusoma mporomoko

Hebu tuchukue mtaji wa 500,000 uliopanda hadi 560,000 kisha ukashuka hadi 476,000. Ukilinganisha na ulikoanzia, umepoteza 24,000, chini ya asilimia 5. P itakuonyesha -15%, na hiyo ndiyo namba ya kutazama, kwa sababu inakwambia mtaji wako unaweza kuteleza umbali gani kwa mtindo na dau ulilonalo.

Kwenye mikeka 200 ya odi 2.00, kuchanika mara 6 au 7 mfululizo ni kawaida kabisa. Kwa dau la asilimia 2 ya mtaji, huo ni mteremko wa asilimia 12 hadi 14 bila kosa lolote lako. Kwa dau la asilimia 10, mfululizo huo huo unakula zaidi ya nusu ya mtaji. Kwa hiyo mporomoko mkubwa peke yake hausemi kwamba unacheza vibaya. Uusome pamoja na ubora wa bei: mporomoko mkubwa na ubora chanya maana yake punguza dau, mporomoko mkubwa na ubora hasi maana yake acha.

Q nayo ina kazi yake. Mporomoko wa asilimia 8 uliodumu mikeka 20 hauumizi kama ule wa asilimia 8 uliodumu mikeka 180, na ni huo wa pili unaomfanya mtu apandishe dau akitaka kurudi kilele haraka. Mimi nimeandika kikomo changu juu ya `Muhtasari`, kwa herufi nyekundu: mporomoko ukifika -25% nasimama mwezi mzima. Namba yako inaweza kuwa nyingine, lakini iandike kabla haijafika.

Kuongeza pesa kwenye mtaji katikati ya safari ndiko kunakoharibu safu hii kuliko kitu kingine. Ukiingiza 100,000 kama faida, mtaji unaruka, kilele kinaruka, na mporomoko unafutika kwenye skrini. Kama ni lazima uongeze, funga shiti ya zamani, nakili faili, na uanze N2 mpya. Pesa mpya ikizoea kuingia kila baada ya mkeka kuchanika, na hasa ikiwa ni ya kukopa, hilo si tatizo la fomula. Zungumza na mtu wa karibu, na omba akaunti ifungwe; kampuni nyingi zina sehemu ya mteja kujizuia mwenyewe.

Makosa ya kuandika, na kuyakamata

Odi ya 210 badala ya 2.10 ikiingia kwenye G, wastani mzima wa ubora unapotoka. Chagua safu F hadi I kuanzia mstari wa 3, nenda `Data`, kisha `Data Validation`, chagua `Decimal`, na uweke kati ya 1.01 na 100. Excel itaikataa namba ya ajabu papo hapo. Kwa mikeka mirefu yenye odi kubwa kuliko hapo, panua kikomo cha F peke yake.

Kila Jumapili linganisha daftari na akaunti. Chukua salio la akaunti, ongeza dau la mikeka ambayo bado haijaisha, ongeza ulichokwisha kutoa, toa ulichoweka tangu ulipoanza. Jibu linapaswa kuwa sawa na N ya mwisho ukitoa N2. Tofauti ikiwa sawa na dau moja kamili, kuna mkeka hujauandika, na karibu kila mara ni uliochanika. Tofauti ikiwa ni mia chache, tafuta kodi au makato ya kutoa. Mimi sifungi wiki kabla namba hizo mbili hazijakutana.

Kama unataka kujua soko gani linakubeba, andika majina ya masoko kwenye A12 ya `Muhtasari` na kuendelea, kama ulivyoyaandika kwenye safu C herufi kwa herufi, na pembeni weka:

```
=AVERAGEIFS(Mikeka!K:K,Mikeka!C:C,A12)
=COUNTIFS(Mikeka!C:C,A12,Mikeka!L:L,"<>")
```

Nimeweka ubora wa bei hapo, wala si tija, kwa makusudi. Ukigawa mikeka 200 kwenye masoko 8, kila moja linabaki na 25 hivi, na tija ya mikeka 25 inaweza kusoma asilimia 20 juu au chini bila kumaanisha kitu. Kuna mtu atakayeona "kona" zimempa asilimia 31 na kuhamishia mtaji wote huko. Idadi iliyo kwenye safu ya pili ipo kumzuia: soko lenye mikeka chini ya 50 mimi silihukumu, naliacha lijikusanye kwa dau lile lile hadi msimu uishe.